Unatarajia Mshahara Kiasi Gani? Namna ya Kujibu Bila Kujipunja Wala Kujifungia Mlango

Anayeomba kazi serikalini kupitia Sekretarieti ya Ajira hana haja ya kuumiza kichwa kuhusu mshahara. Tangazo lenyewe limeshataja ngazi, iwe TGS D au nyingine, na anayeajiriwa hulipwa kwa ngazi hiyo. Kwenye kampuni binafsi na mashirika yasiyo ya kiserikali mambo ni tofauti. Tangazo hukaa kimya kuhusu malipo, kisha fomu inamgeuzia mwombaji swali: unatarajia mshahara kiasi gani? Wengi hulifikia wakiwa wameshajaza elimu, uzoefu na wadhamini, wamechoka, na wanataka kubofya kitufe cha kutuma. Wanaandika namba iliyo nzima na yenye kupendeza, kama milioni moja, na kusonga mbele.

Hiyo milioni moja ndiyo ninayotaka tuanze nayo, kwa sababu kosa kubwa kwenye swali hili hutokea kabla hata ya kufikia hoja ya kuomba kingi au kidogo. Mwombaji anafikiria fedha itakayoingia kwenye akaunti yake tarehe ya mshahara. Mwajiri anasoma mshahara ghafi, yaani kabla ya makato. Wote wawili wanaitazama namba ileile na kila mmoja anaona fedha nyingine.

Tuifanyie hesabu kwa viwango vya Tanzania Bara. Mfanyakazi wa sekta binafsi aliye kwenye NSSF huchangia asilimia 10 ya mshahara wake, kwa hiyo katika milioni moja zinatoka 100,000. Kodi ya PAYE hupigwa kwenye kinachobaki, yaani 900,000. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, kiasi hicho kinatozwa 68,000 kwa ile sehemu ya mpaka 760,000, na asilimia 25 ya kilichozidi hapo, ambacho ni 140,000. Jumla ya kodi inafika 103,000. Asiye na deni lolote anapokea 797,000. Lakini aliyesoma chuo kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo anakatwa pia asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 150,000 nyingine, na anaondoka na 647,000. Aliyepiga bajeti ya kodi ya nyumba, nauli na ada ya mdogo wake kwa milioni moja, anagundua pengo la zaidi ya laki tatu na nusu mwezi wa kwanza kazini, wakati ambapo mkataba umeshasainiwa.

Hesabu inayotakiwa basi ni ya kurudi nyuma: unaanza na unachotaka kupokea, unapanda hadi ghafi. Kwa mshahara ghafi unaoanzia juu kidogo ya 1,100,000, hesabu ni nyepesi kuliko inavyoonekana, kwa sababu kuanzia hapo kila shilingi inayoongezeka hukatwa kwa uwiano uleule. NSSF inachukua senti 10 katika kila shilingi. Kodi inachukua asilimia 30 ya zile 90 zilizobaki, ambazo ni 27. Bodi ya Mikopo inachukua 15. Katika kila shilingi ya ziada, zinakufikia senti 48 tu. Ukizipanga pamoja na unafuu wa viwango vya chini vya kodi, unapata kanuni moja fupi: mwenye deni la Bodi anapokea asilimia 48 ya mshahara ghafi, akijumlisha 172,000. Asiye na deni anapokea asilimia 63, akijumlisha 172,000 hizohizo. Kwa kurudi nyuma, toa 172,000 kwenye kiasi unachotaka mkononi, kisha gawanya kwa 0.48 au 0.63. Mwenye deni anayetaka kupokea milioni moja kamili anapaswa kutaja ghafi ya 1,725,000. Asiye na deni anahitaji takriban 1,315,000. Msomaji wa Kenya, Uganda au Zanzibar atatumia makato ya kwake, lakini njia ni hiyohiyo.

Upande wa mwajiri nao una namba ya tatu, na ni vema kuifahamu. Juu ya mshahara ghafi yeye huongeza mchango wake wa NSSF, asilimia 10, tozo ya kuendeleza ufundi stadi kama ana wafanyakazi 10 au zaidi, na nusu asilimia kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Akilipa vyote hivyo, mshahara ghafi wa 1,800,000 unamgharimu zaidi ya milioni mbili. Kwenye miradi ya wafadhili, bajeti ya nafasi mara nyingi huandikwa kwa gharama hii yote. Ndiyo maana ukisikia kutoka kwa rafiki aliye ndani kwamba "ile nafasi imetengewa milioni mbili," usikimbilie kuandika milioni mbili. Muulize kama ni gharama yote au ni mshahara ghafi.

Sasa tuchukue mfano mmoja na tuufuate hadi mwisho. Mhasibu mwenye uzoefu wa miaka minne anafanya kazi kwenye kampuni ya usambazaji wa bidhaa Dar es Salaam. Analipwa 1,200,000 ghafi, na kwa kuwa bado analipa Bodi ya Mikopo, anapokea 748,000. Kazini anapewa chakula cha mchana na kuna basi la wafanyakazi. Anaishi kwa kaka yake na huchangia matumizi ya nyumbani. Ameona tangazo la nafasi ya mhasibu kwenye shirika moja mjini Arusha, na fomu inamuuliza mshahara anaoutarajia kwa mwezi.

Jambo la kwanza analopaswa kulitafuta ni sakafu yake, kiasi ambacho chini yake kazi hiyo haimfai hata akiitwa kesho. Watu wengi huipata sakafu kwa kuongeza kidogo juu ya mshahara wa sasa, na hapo ndipo wanapojipunja bila kujua. Mhasibu wetu akihamia Arusha atajinunulia chakula cha mchana, ambacho anakikadiria 72,000 kwa mwezi. Nauli itamgharimu 40,000. Kodi ya chumba chake mwenyewe itazidi anachotoa sasa kwa kaka yake kwa 120,000. Jumla ni 232,000 ambazo leo hazitoki mfukoni mwake. Ili aishi vilevile anavyoishi sasa, bila kupanda hata hatua moja, anahitaji kupokea 980,000. Tukirudi nyuma kwa kanuni yetu, hiyo ni ghafi ya 1,683,000 na ushee. Sakafu yake basi ni 1,700,000.

Itazame vizuri namba hiyo. Shirika likimpa 1,500,000, ataona ameongezewa laki tatu, asilimia 25 nzima, na ndugu watampongeza. Lakini mkononi atapokea 892,000, na gharama mpya zikiondoka atakuwa na 660,000, pungufu ya 748,000 anazobaki nazo leo. Kupanda kwa mshahara kumemshusha. Hakuna afisa rasilimali watu atakayemfanyia hesabu hii. Ni yake mwenyewe, na aifanye kabla ya kugusa fomu. Gharama za mara moja kama kusafirisha vyombo na kulipa kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo asiziingize kwenye mshahara wa mwezi. Hizo ataziombea msaada wa kuhama wakati wa mazungumzo.

Jambo la pili ni soko, yaani kazi ya namna hiyo hulipwa kati ya kiasi gani na kiasi gani. Kwetu watu huona haya kutaja mishahara yao, na kumuuliza mtu "wewe unalipwa ngapi?" ni kumbana. Uliza kwa njia inayompa nafasi ya kujibu bila kujianika: "Kaka, mhasibu wa miaka minne kwenye mashirika ya Arusha huwa wanamlipa kuanzia ngapi hadi ngapi, kabla ya makato?" Maneno matatu ya mwisho usiyaache, maana bila hayo utachanganya majibu ya ghafi na ya mkononi na kupata wastani usio na maana. Waulize watu wa kazi yako, tena wa aina ileile ya mwajiri, kwa kuwa mhasibu wa shirika la kimataifa, wa shirika la hapa nchini na wa duka la jumla wanaweza kuwa na cheti kimoja na mishahara iliyopishana mara mbili. Waliobadili kazi karibuni wanajua zaidi kuliko waliokaa mahali pamoja muda mrefu. Matangazo machache yanayotaja mshahara nayo yanasaidia, na tovuti kama Mywage hukusanya taarifa za mishahara ya Tanzania, ila wastani wa nchi nzima usiuchukue kama bei ya nafasi yako.

Tuseme mhasibu wetu amewauliza watu kadhaa na majibu yao yanaangukia kati ya 1,500,000 na 2,200,000. Sakafu yake ya 1,700,000 imo ndani ya soko. Hiyo ni habari njema, kwa sababu sakafu ikiwa juu ya soko hakuna uandishi wowote wa fomu utakaoisaidia. Kinachobaki ni kutafuta nafasi ya ngazi nyingine au mji mwingine.

Aandike kiwango gani? Hapa inabidi tukae kwenye kiti cha anayepokea maombi. Afisa rasilimali watu ana maombi mengi na bajeti ambayo ameshapewa. Majibu ya waombaji yamekaa kwenye safu moja ya jedwali la kompyuta, na swali lake la kwanza ni rahisi: huyu tunamuweza? Anapoona kiwango chenye ncha mbili, hutazama ncha ya chini. Ikiwa iko ndani ya bajeti yake, mwombaji anabaki. Ikiwa imeipita, anawekwa pembeni hata kama wasifu wake ni mzuri. Na wakati wa kutoa ofa, ncha ileile ya chini ndiyo itakayokumbukwa. Muuza samaki akimwambia mteja "elfu mbili hadi elfu tano," mteja amesikia elfu mbili.

Kutokana na hilo, ncha ya chini ya kiwango chako ndiyo bei yako halisi, na usiiandike kama hutaikubali kwa moyo mweupe. Isiwe sakafu yenyewe, maana ukianzia sakafuni hakuna pa kurudi nyuma mwajiri akiomba kupunguziwa. Ikae juu yake kidogo, asilimia tano au sita. Kwa mhasibu wetu hiyo ni 1,800,000, ambayo mkononi ni 1,036,000. Ncha ya juu isiende mbali. Asilimia 15 hadi 20 juu ya ile ya chini inatosha. Kwake inakuwa 2,100,000, ambayo bado imo ndani ya soko na inampa mwajiri mwenye bajeti nono sababu ya kupanda. Kiwango kinachoruka kutoka 1,400,000 hadi 2,800,000 hakimsaidii. Anayekisoma anaona mtu asiyejua bei ya kazi yake, na anachukua ile 1,400,000.

Kipime kiwango hicho kwa bajeti tofauti ambazo shirika linaweza kuwa nazo. Kama limetenga 1,500,000 hadi 1,900,000, ncha yake ya chini imo ndani, ataitwa kwenye usaili, na mazungumzo yatakuwa kati ya 1,800,000 na 1,900,000. Angeandika 1,500,000 hadi 1,800,000, angeitwa pia, lakini angepewa 1,500,000 inayomrudisha nyuma. Angeandika 2,100,000 hadi 2,500,000, asingeitwa kabisa, ingawa huenda ile 1,900,000 angeipokea kwa furaha. Na kama shirika lina 1,600,000 tu na hakuna nyongeza, fomu yake itawekwa kando. Watu huogopa sana hali hii ya mwisho, na naona wanaogopa pasipo sababu. Kazi iliyo chini ya sakafu iliyopigiwa hesabu vizuri ingemweka kwenye madeni mjini asikozaliwa. Kuondolewa hapo si hasara. Hasara ni kuondolewa kwenye kazi ambayo ungeikubali, na ndiyo maana ncha ya chini isipandishwe kwa majivuno.

Kuna hali moja ambayo ningeshusha ncha ya chini hadi kwenye sakafu: pale ambapo huna kazi na akiba inakwisha. Sakafu ya mtu asiye na kipato ni tofauti na ya aliye kazini, na hakuna aibu kuipiga upya hesabu hiyo kila hali inapobadilika. Lakini ishushe kwa hesabu, usiishushe kwa woga wa usiku mmoja.

Fomu za mtandaoni huleta tatizo lao, kwa kuwa nyingi hukubali namba moja tu, bila maneno wala kistari. Hapo mhasibu wetu angeandika 1,900,000, karibu na katikati ya kiwango chake. Namba moja hugeuka dari: ni nadra kupewa zaidi ya ulichotaja. Kwa hiyo ncha ya chini peke yake ingemnyima nafasi ya kupanda, na ncha ya juu peke yake ingemweka nje ya bajeti za kawaida. Kama kuna sehemu ya maelezo ya ziada, au kwenye barua ya maombi, aeleze kwa sentensi moja: "Natarajia mshahara ghafi wa shilingi 1,800,000 hadi 2,100,000 kwa mwezi, kabla ya makato, kutegemea bima ya afya, msaada wa kuhama na marupurupu mengine." Sentensi hiyo inafunga mlango wa kutoelewana kuhusu ghafi, na inaacha wazi mlango wa mazungumzo.

Wengine hushauri kuandika "maelewano" au kuweka sifuri. Kwenye barua ya kawaida ambayo tangazo lake halikuomba namba, ni sawa kabisa kutotaja kitu, na hata mimi ningenyamaza. Lakini tangazo likisema wazi taja mshahara unaotarajia, kutotaja ni kutokamilisha maombi. Sifuri kwenye fomu ya kompyuta ni mbaya zaidi, kwa sababu mashine haijui kwamba ulimaanisha tuzungumze, na anayepanga jedwali kwa namba atakukuta umesimama peke yako mwanzoni kabisa.

Soma pia kipindi na sarafu. Mashirika ya nje huuliza mara nyingi mshahara wa mwaka. Ukiandika 1,800,000 kwenye nafasi ya mwaka, umeomba 150,000 kwa mwezi, na msomaji atadhani hukuelewa swali. Ya mhasibu wetu kwa mwaka ni 21,600,000. Kama fomu inataka dola, badili kwa kiwango cha siku hiyo na ujiwekee kumbukumbu ya kiwango ulichotumia, kwa maana shilingi hupanda na kushuka kati ya siku ya kuomba na siku ya ofa.

Fomu ikiuliza mshahara wa sasa, andika ukweli. Waajiri wengi huomba hati za mshahara za miezi mitatu kabla ya kutoa barua, na namba iliyotiwa chumvi huangusha ofa iliyokuwa imekaribia. Ila ukweli uwe kamili. Mhasibu wetu hapokei 1,200,000 tu. Anapata chakula na usafiri pia, na ana haki ya kuvitaja. Pengo kati ya 1,200,000 na 1,800,000 likionekana kubwa mbele ya usaili, maelezo yake ni yale ya Arusha: chakula, nauli, makazi. Ayaseme kwa utulivu na aongeze thamani ya kazi atakayoifanya, maana mwajiri hamlipi mtu kwa sababu ya kodi ya nyumba yake.

Kiwango ulichoandika si kiapo. Kwenye usaili ukigundua kwamba utasimamia wasaidizi wawili na kuandaa ripoti za wafadhili, mambo ambayo tangazo halikuyataja, sema hapohapo au kwenye barua pepe ya kushukuru: kwa majukumu haya, matarajio yangu yanakuwa 2,000,000 hadi 2,300,000. Kabla ya ofa hilo linapokelewa. Baada ya kukubali kwa mdomo, linasomeka kama kigeugeu. Kwa hiyo hifadhi nakala ya fomu uliyotuma, ili usije ukasahau ulichoandika.

Ofa yenyewe ikifika, angalia imegawanywaje. Milioni moja na laki nane inaweza kuwa mshahara wa msingi wote, au msingi wa 1,400,000 na posho za 400,000. Bodi ya Mikopo hukata kwenye msingi, hivyo mgawanyo wa pili unapunguza makato kutoka 270,000 hadi 210,000, na mkononi unaona nafuu. Lakini malipo ya saa za ziada na kiinua mgongo cha kisheria hukokotolewa kwa mshahara wa msingi, na posho ni kitu ambacho mwajiri huona wepesi kukipunguza bajeti ikibana. Mimi ningechagua msingi mkubwa kuliko nafuu ya mwezi, hasa kwenye mkataba wa muda mrefu.

Barua ya ajira ikija mikononi mwako, tafuta kwanza kama imeandika kwamba kiasi hicho ni ghafi au ni baada ya makato, na msingi ni kiasi gani. Kama haikuandika, usisaini siku hiyo. Andika barua pepe, uliza, na subiri jibu la maandishi.